Kasoro Iliyojificha Chini ya Prosesa

Kompyuta ya mezani iliyokuwa ikifanya kazi vizuri asubuhi inaweza kugoma jioni, mara tu baada ya kubadilishiwa kipozeo cha prosesa. Feni zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Nyingine inawaka, ila inaonyesha nusu tu ya RAM iliyomo. Nyingine tena inaanza kazi kama kawaida, kisha inajizima au kujiwasha upya bila mpangilio. Taa ya onyo kwenye madabodi mara nyingi huelekeza kwenye RAM, na mwenye kompyuta hukimbilia dukani kununua RAM mpya. Anaporudi nayo, tatizo linabaki palepale, kwa sababu RAM ya zamani haikuwa na kosa. Kasoro iko sentimita chache pembeni, chini ya prosesa: pini ya soketi imepinda, prosesa haikukaa sawasawa, au kipozeo kimekazwa zaidi upande mmoja.

Kipozeo ni lile bonge la alumini, wakati mwingine na mabomba ya shaba, linalokaa juu ya prosesa pamoja na feni yake. Kati yake na prosesa hupakwa pesti ya joto ili joto livuke kwa urahisi. Pesti hiyo hukauka kadiri miaka inavyopita. Hilo huonekana sana kwenye kompyuta za ofisini zilizotumika ughaibuni na kuuzwa mitumba Dar es Salaam, Nairobi au Kampala: zinafika zikiwa na vumbi kwenye feni na pesti ngumu kama chokaa, na kazi ya kwanza ya fundi huwa kuzisafisha na kuzipaka pesti upya au kuzifunga kipozeo kingine. Kazi yenyewe si ngumu, lakini inamlazimu mtu kugusa sehemu dhaifu kuliko zote ndani ya kompyuta.

Soketi mbili, udhaifu wa aina mbili

Prosesa haiunganishwi na madabodi kwa risasi ya kulehemu. Inakaa ndani ya soketi, na mawasiliano yote kati yake na kompyuta hupita kwenye pini nyingi ndogo. Katika kompyuta za mezani kuna mipango miwili ya pini hizo.

Katika mpango wa kwanza, pini ziko ndani ya soketi, na tumbo la prosesa lina vidoa bapa vya dhahabu tu. Intel imetumia mpango huu kwenye kompyuta za mezani tangu soketi ya LGA775 mwaka 2004, na AMD iliufuata kwa soketi yake ya AM5 mwaka 2022. Namba katika majina ya soketi za Intel ni idadi ya pini: LGA1151 ina pini 1151, LGA1700 ina 1700. AM5 inazo 1718. Kila pini ni kijispringi chembamba kilicholala kwa mshazari, na ncha yake imeinuka ili iguse kidoa chake juu. Ncha hizo huinama kidogo prosesa inapokandamizwa, na huo mkandamizo ndio unaoleta mguso. Zimeundwa kuinama kwenda chini. Zikisukumwa kutoka ubavuni, hata na uzi wa kitambaa, zinapinda na hazirudi zenyewe.

Katika mpango wa pili, pini ziko kwenye prosesa yenyewe na soketi ina matundu. Mfano unaojulikana zaidi ni soketi ya AM4 ya AMD, iliyobeba prosesa za Ryzen tangu 2017. Prosesa hizo zina pini 1331 zilizosimama wima. Wenzo wa pembeni ukishushwa, soketi huzibana pini hizo kutoka pembeni. Hakuna bamba la chuma linaloishikilia prosesa kutoka juu, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kama itakavyoonekana.

Kwa nini RAM ndiyo hulalamika

Zamani, RAM iliongozwa na chipu nyingine kwenye madabodi. AMD ilihamishia kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa mwaka 2003, katika Athlon 64, na Intel ikafanya hivyo kwa kompyuta za mezani mwaka 2008 katika kizazi cha kwanza cha Core i7. Tangu hapo, kila herufi inayoandikwa kwenye RAM au kusomwa kutoka humo hupita moja kwa moja kwenye pini za soketi.

Pini za soketi hazina uzito sawa. Sehemu kubwa huleta umeme au kuurudisha, na kwa kuwa ziko nyingi zinazofanya kazi ileile, moja ikikosa mguso zinazobaki huibeba. Nyingine hazitumiki kabisa. Ndiyo maana kuna kompyuta zinazoendelea kufanya kazi kwa miaka zikiwa na pini moja iliyolala, na mwenyewe hajui. Pini za RAM ziko tofauti. Kila moja hubeba ishara yake peke yake na haina mbadala. Ikikosekana moja, RAM yote ya upande huo inaweza isitambuliwe. Ikigusa kwa kubahatisha, RAM inatambuliwa lakini inasoma makosa.

Ishara za RAM huenda kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo hata mguso dhaifu, uchafu au pesti iliyoingia kati ya ncha ya pini na kidoa chake huweza kuiharibu ishara, ilhali pini za umeme za jirani hazioni shida. Ndiyo sababu kasoro ya soketi hujionyesha kwanza kama ugonjwa wa RAM.

Jinsi kazi ya kipozeo inavyoleta madhara

Njia ya kwanza ya madhara ni ya AM4. Pesti iliyokauka huigandisha prosesa kwenye kipozeo. Mtu akifungua skrubu na kukivuta kipozeo wima, prosesa hung'oka nacho kutoka kwenye soketi ambayo wenzo wake bado umefungwa. Pini zikichomoka kwa mshazari, safu ya pembeni hulala. Kuna mafundi walioibandika tena prosesa kwa kukishindilia kipozeo juu ya soketi ileile iliyofungwa, na hapo pini zilizokuwa zimenusurika zinapondwa.

Njia ya pili ni ya soketi zenye pini ndani. Hapa bamba la chuma huishikilia prosesa, kwa hiyo kuvuta kipozeo hakuing'oi. Madhara huanza pale mtu anapoitoa prosesa ili aisafishe vizuri, jambo ambalo kwa kawaida halihitajiki, maana pesti ya juu inaweza kufutwa prosesa ikiwa imo ndani. Soketi ikiwa wazi, tone la pesti likidondokea pini, mkono hukimbilia karatasi laini au kitambaa, na nyuzi zake hunasa ncha za pini. Prosesa nayo inaweza kuteleza vidoleni wakati wa kurudishwa na kutua kwa kona yake juu ya pini.

Njia ya tatu haihusu pini iliyopinda hata kidogo. Kipozeo kikikazwa skrubu moja mpaka mwisho kabla ya nyingine kuanza, prosesa na madabodi hupata shinikizo upande mmoja. Upande mwingine wa soketi mguso unapungua, na chaneli moja ya RAM inapotea. Vivyo hivyo kipozeo kikitumia vishikizo visivyo vyake: matundu ya LGA1151 na LGA1200 yako umbali wa milimita 75 kutoka tundu hadi tundu, na ya LGA1700 yako milimita 78. Kishikizo cha zamani kinacholazimishwa kuingia kwenye bodi mpya hukaa kwa kujikunja, na shinikizo lake haliwezi kuwa sawa.

Dalili na mambo ya kuondoa kwanza

Madabodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa ndogo nne karibu na sloti za RAM, zenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kompyuta inapoanza, taa hizo huwaka kwa zamu na kuzimika kila hatua inapofaulu. Ikigandia CPU, prosesa haijaanza kazi kabisa. Ikigandia DRAM, prosesa imeamka lakini haielewani na RAM. Bodi zisizo na taa hizo hutumia milio ya spika ndogo au kumeta kwa taa ya kuwashia, na maana ya milio hiyo imeandikwa katika kitabu cha bodi husika.

Kabla ya kuifungua soketi, mambo manne huangaliwa, kwa kuwa nayo huharibika wakati wa kufunga kipozeo na hurekebishwa kwa dakika moja. La kwanza ni kebo ya umeme ya prosesa, yenye miguu minne au minane, iliyoko kona ya juu ya bodi. Ikiwa imechomoka, feni huzunguka lakini prosesa haina umeme. La pili ni waya wa feni, ambao unatakiwa uwe umechomekwa mahali palipoandikwa CPU_FAN; bodi nyingi hukataa kuendelea na kuonyesha onyo la feni kama mahali hapo pako patupu. La tatu ni RAM zenyewe: kipozeo kikubwa huweza kuzisukuma, na zinapaswa kutolewa na kukandamizwa tena mpaka vibanio vilie. La nne ni subira. Kompyuta zenye RAM ya DDR5, hasa za AM5, huweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza baada ya prosesa kutolewa na kurudishwa, kwa sababu prosesa inajipima upya na RAM. Kuzima umeme katikati ya kipimo hicho huifanya ianze upya, na mtu hudhani kompyuta imekufa.

Jambo moja halifai kurudiwarudiwa: kuwasha na kuzima kwa matumaini. Pini iliyopinda inaweza kuwa inaigusa pini ya jirani, na ikiwa moja kati ya hizo ni ya umeme, prosesa inaweza kuungua. Majaribio mawili ya kuwasha yanatosha. Baada ya hapo waya wa ukutani huchomolewa.

Mfano wa kompyuta moja

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi kasoro inavyofuatiliwa hatua kwa hatua. Kompyuta ina prosesa ya Core i5-8400 kwenye soketi ya LGA1151, na RAM mbili za DDR4 zenye gigabaiti 8 kila moja. Kipozeo chake cha awali, kile chenye vishikizo vinne vya plastiki vya kubonyeza, kimeondolewa na kuwekwa kikubwa cha skrubu. Prosesa ilitolewa ili ifutwe pesti iliyomwagikia kingo, na tone lililoangukia soketi likafutwa kwa karatasi ya tishu. Kompyuta ilipowashwa, feni zilizunguka, taa ya DRAM ikagandia, na skrini ikabaki nyeusi.

Bodi hiyo ina sloti nne za RAM: A1, A2, B1 na B2. Herufi ni jina la chaneli. Prosesa ina chaneli mbili za RAM, A na B, kila moja ikiwa na kundi lake la pini katika soketi. RAM mbili kwa kawaida huwekwa A2 na B2 ili chaneli zote mbili zitumike. Mgawanyo huu ndio unaomwezesha fundi kujua kasoro iko wapi bila kifaa chochote cha kupimia.

Kwanza RAM zote mbili zilitolewa na ikarudishwa moja tu, katika A2. Kompyuta iliwaka. RAM hiyohiyo ilipohamishiwa B2, taa ya DRAM iligandia tena. RAM ya pili ilipowekwa A2, kompyuta iliwaka. Kufikia hapo imeshajulikana kwamba RAM zote mbili ni nzima, kwa kuwa kila moja imefanya kazi mahali pamoja. Kisha ikajaribiwa sloti ya B1, nayo ikakataa. Kama B2 pekee ingekataa, lawama ingeweza kuwa ya sloti hiyo, pengine kwa vumbi au mguso uliovunjika. Sloti zote mbili za chaneli B zikikataa pamoja, kinachozikutanisha ni njia zao kuelekea kwenye prosesa, na sehemu ya njia hizo iliyoguswa siku hiyo ni soketi.

Jaribio la mwisho kabla ya kufungua lilikuwa la shinikizo. Skrubu nne za kipozeo zililegezwa kwa nusu mzunguko kila moja, kompyuta ikiwa haina umeme, kisha RAM ikajaribiwa tena katika B2. Kama ingewaka, kasoro ingekuwa ya ukazaji, na dawa yake ingekuwa kufunga kipozeo upya kwa usawa. Haikuwaka. Sababu ya ukazaji ikawa imeondolewa, na ikabaki kuitoa prosesa na kuitazama soketi.

Pale RAM inapotambuliwa yote lakini kompyuta inaanguka, ufuatiliaji ni uleule, ila kipimo ni programu ya MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows. RAM moja hupimwa katika A2, kisha katika B2, halafu ya pili vivyo hivyo. Makosa yakiifuata RAM popote inapokwenda, RAM ndiyo mbovu. Makosa yakibaki kwenye chaneli ileile bila kujali RAM iliyopo, tatizo liko kwenye soketi au bodi.

Kuisoma soketi

Kabla ya kugusa chochote ndani, mkono hugusa chuma tupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli. Kipozeo hutolewa, wenzo wa soketi huachiwa, bamba hufunguliwa, na prosesa huinuliwa wima kwa kushikwa kingo mbili zinazotazamana, bila kugusa vidoa vya chini.

Soketi haitazamwi kutoka juu kwa mwanga wa chumba. Taa ya chumba huzimwa au kuzibwa, na tochi ya simu hulazwa karibu usawa wa bodi ili mwanga upite juu ya pini kwa mshazari. Ncha za pini nzima hung'aa kwa mistari iliyonyooka kama mazao yaliyopandwa kwa kamba. Tochi ikizungushwa polepole, mistari yote hubadilika mng'ao kwa pamoja. Pini iliyopinda hujitenga: inang'aa wakati nyingine zimefifia, au inaacha pengo jeusi mahali pake. Kamera ya simu ikivutwa karibu na kupiga picha huonyesha zaidi kuliko jicho, na picha huweza kukuzwa na kukaguliwa safu kwa safu. Pini hukaguliwa kutoka pande zote nne, kwa sababu iliyoinamia mbali na mtazamaji huonekana nzima.

Katika kompyuta ya mfano huu, pini mbili zilionekana upande wa soketi unaotazama sloti za RAM, ambako kwa kawaida pini za RAM huwekwa ili njia ziwe fupi. Moja ilikuwa imesogea kiasi cha kukaribia jirani yake. Ya pili ilikuwa mahali pake, lakini ncha yake imelala chini kuliko za pembeni, hivyo haikuweza kukifikia kidoa cha prosesa.

Kunyoosha pini za soketi

Chombo cha kazi hii ni sindano nyembamba ya kushonea iliyobanwa kwenye kishikio, au kibanio chenye ncha kali kama cha mafundi saa. Kioo cha kukuzia kilichowekwa juu ya kisimamo huacha mikono yote miwili huru. Ncha ya sindano hupitishwa chini ya kichwa cha pini, kwenye mshazari wake, na pini husukumwa kidogo sana kuelekea ilikotoka. Kisha mkono hutolewa, tochi hurudishwa, na pini hulinganishwa na jirani zake. Pini za jirani ndizo kipimo: iliyonyooshwa inapaswa kulala mshazari uleule na kufika kimo kilekile.

Pini haivutwi kurudi kwa mara moja. Shaba yake huvumilia kupinda mara chache tu, na kila kosa la kuipitisha mpaka upande wa pili huipunguzia uhai. Pini iliyolala huinuliwa kwanza mpaka kimo cha jirani zake, ndipo isogezwe kando ikihitajika. Sindano haipitishwi juu ya pini nzima kufikia mbovu. Huingizwa kutoka upande ulio karibu zaidi na pembe ya soketi.

Pesti ikiwa imeingia soketini haisuguliwi. Hudondoshewa aikoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, ikaachwa iilainishe, kisha uchafu huondolewa kwa hewa ya kopo au kwa brashi laini sana inayoguswa kufuata mwelekeo wa pini. Soketi huachwa ikauke kabisa. Vidoa vya prosesa navyo hufutwa kwa aikoholi hiyohiyo na kitambaa kisichotoa nyuzi. Pesti ya kawaida haipitishi umeme, kwa hiyo hatari yake ni kuzuia mguso. Pesti ya metali ya kimiminika inapitisha umeme, na tone lake ndani ya soketi linaweza kuleta shoti. Kompyuta yenye tone hilo haiwashwi mpaka soketi iwe safi kabisa.

Kunyoosha pini za prosesa

Kwa AM4, kinga ni rahisi kuliko tiba. Kompyuta huwashwa na kufanyishwa kazi kwa takriban dakika 10 hadi 15 ili pesti ilainike, kisha huzimwa na kuchomolewa waya. Skrubu au vibanio vikishafunguliwa, kipozeo huzungushwa kidogo kulia na kushoto mpaka kiachie, ndipo kiinuliwe. Ikitokea prosesa imeng'oka nacho, haichokonolewi kwa bisibisi. Uzi wa kusafishia meno hupitishwa kati ya prosesa na kipozeo, au prosesa huzungushwa polepole kwa kingo zake mpaka iteleze.

Pini zake zimepangwa kwa safu zilizoachana kwa karibu milimita 1, kwa hiyo iliyopinda huonekana ikiivunja safu yake. Penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5 au 0.7 iliyotolewa risasi hufaa sana: mdomo wake huvishwa juu ya pini moja na kuinamishwa polepole mpaka pini isimame wima. Pini kadhaa za safu moja zikiwa zimeegemea upande mmoja, kadi nyembamba ya plastiki hupitishwa kati ya safu na kuzisukuma kwa pamoja.

Kipimo cha mwisho ni soketi yenyewe. Wenzo ukiwa umeinuliwa, prosesa inapaswa kuzama ndani kwa uzito wake tu. Ikining'inia kona moja, kuna pini ambayo haijanyooka, na kuikandamiza kwa kidole kutaiharibu kabisa. Kazi hurudiwa kwenye safu ya kona hiyo.

Kurudisha prosesa na kukaza kipozeo

Kila prosesa ina alama ya pembetatu ndogo kwenye kona moja, na soketi ina alama inayolingana nayo. Prosesa za soketi zenye pini ndani zina pia vitobo ubavuni vinavyoingia kwenye vijino vya soketi. Prosesa hushushwa wima na kuachiwa. Haisogezwi wala kupapaswa ikiwa juu ya pini. Vitobo vikikaa kwenye vijino, prosesa hulala bapa pande zote nne. Bamba hufungwa, na wenzo hushushwa. Kwenye soketi za Intel wenzo huhitaji nguvu ya kushangaza na unaweza kutoa mlio wa kukwaruza. Hilo ni la kawaida iwapo prosesa ilikuwa imelala bapa. Kwenye AM4, kidole kimoja huishikilia prosesa kwa upole wakati wenzo unashushwa, ili isiinuke.

Pesti mpya hupakwa kiasi cha punje ndogo ya njegere katikati, na kipozeo hushushwa kikiwa sambamba na prosesa. Skrubu nne hushikishwa kwanza kwa vidole. Kisha hukazwa kwa msalaba: moja, halafu ile inayokabiliana nayo kwa mshazari, mizunguko miwili au mitatu kwa kila moja, na mzunguko hurudiwa mpaka skrubu zigote. Skrubu nyingi za vipozeo zina springi na kikomo, na zikifika hapo haziongezwi nguvu. Vipozeo vyenye vishikizo vya plastiki navyo hubonyezwa kwa msalaba, na nyuma ya bodi huangaliwa kama miguu yote minne imepenya. Mguu mmoja ulioshikilia nusu unatosha kuinamisha kipozeo.

LGA1700 inahitaji tahadhari ya ziada. Prosesa zake ni ndefu, na bamba la soketi huzikandamiza katikati, jambo linalozifanya zijikunje kidogo. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watu huliondoa bamba hilo na kufunga fremu maalumu badala yake. Fremu hiyo ikikazwa kupita kiasi, chaneli ya RAM hupotea ingawa hakuna pini iliyopinda. Kulegeza skrubu zake robo mzunguko kwa usawa mara nyingi huirudisha.

Kuthibitisha, na mahali ambapo ukarabati hukoma

Kompyuta ya mfano iliwaka baada ya pini mbili kunyooshwa, RAM ikiwa katika A2 na B2. Kuwaka peke yake hakutoshi. Windows inaweza kuulizwa ni RAM zipi inazoziona na katika sloti gani, kwa amri hii ya PowerShell:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
  Select-Object DeviceLocator, Capacity
```

Mistari miwili ikitokea, mmoja wa sloti ya chaneli A na mwingine wa B, RAM zote zimeonekana. Kisha MemTest86 huachwa ifanye mizunguko yake minne, kazi inayochukua saa kadhaa, kwanza RAM ikiwa kwenye kasi yake ya kawaida na baadaye, kama mwenyewe huitumia, kwenye kasi ya juu ya XMP. Kosa moja tu linatosha kusema kazi haijaisha. Makosa yanayotokea kwenye XMP pekee huweza kuwa dalili ya mguso dhaifu, lakini kama yalikuwapo hata kabla ya kipozeo kubadilishwa, hayahusiani na soketi.

Pini iliyokatika ni suala jingine. Kwenye soketi, jibu la kweli ni kubadilisha soketi nzima, kazi inayohitaji mashine ya hewa moto na fundi aliyezoea chipu za aina hiyo, na kwa bodi ya bei ya kawaida gharama yake hukaribia ya bodi nyingine iliyotumika. Kwenye prosesa ya AM4, pini inaweza kulehemewa na mtu mwenye mkono mzuri, ila joto kupita kiasi huweza kuzilegeza za jirani. Kabla ya gharama hizo, hutafutwa mchoro wa pini za soketi husika na kuangaliwa pini iliyokatika ilikuwa ya nini. Ikiwa ni moja ya zile nyingi za kurudishia umeme, au isiyotumika, kompyuta huweza kuendelea bila hiyo. Ikiwa ni ya chaneli B, prosesa bado inaweza kufanya kazi na RAM katika chaneli A pekee, kwa kasi ndogo ya kusoma na kuandika lakini bila makosa. Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haitumiki hapo, kwa kuwa pini zilizopinda huhesabiwa kuwa madhara ya mtumiaji.